Chai Juu ya Kibodi na Nembo Isiyosogea

Mtu atokaye Kericho mjini kwa barabara ya Litein na Kapkatet, hata akafika Sotik na kukunja kuelekea Bomet, hupita kati ya mashamba ya chai yaliyotandazwa mlima hadi mlima kama busati moja la kijani, na katika nyumba yoyote atakayokaribishwa hataulizwa kama anataka chai, ataletewa. Itakuwa chai iliyochemshwa sufuriani pamoja na maziwa na sukari, nzito, ya moto, kikombe kimejaa hadi ukingoni. Kwa hiyo si ajabu kwamba laptopu zinazofika mezani pangu zikiwa zimemwagikiwa na kitu, aghalabu zimemwagikiwa na chai ya namna hiyo, mara chache na maji, na mara moja moja na mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni, ambayo kwa uchachu wake nayaogopa kuliko yote.

Katika hizo ziko zilizokufa kabisa, ambazo hazionyeshi taa wala hazitoi sauti, na ziko zilizopona kama ambazo hazikuguswa. Ninayotaka kuieleza leo ni ile iliyo katikati: inawaka, inaonyesha nembo ya kiwanda chake katikati ya kioo, kisha inasimama papo hapo, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ambayo wenyewe huimaliza kwa mikono yao, kwa kuwa nembo huwatia tamaa.

Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, si mbali na Litein, alikuwa usiku mmoja wa mwisho wa muhula akiingiza alama za mitihani, kikombe kikiwa upande wa kulia wa laptopu na mwanawe mdogo akicheza upande huo huo wa meza. Kikombe kilipinduka, na kwa kadiri alivyokumbuka mwenyewe, kiasi cha theluthi moja ya chai iliingia katika kibodi, hasa pale penye kitufe cha Enter na vile vya mishale. Akapangusa kwa taulo. Na alipoona mashine ingali inafanya kazi, akaendelea kuandika dakika kama tano, ndipo kioo kikazima ghafla. Kulipopambazuka akanunua mchele wa pishori, akaifukia laptopu ndani ya ndoo siku mbili. Siku ya tatu aliiwasha: taa ikawaka, feni ikavuma, nembo ikatokea, na mambo yakakomea hapo. Akaizima akaiwasha tena, na tena, mara sita au saba, chaja ikiwa imechomekwa. Kisha jamaa mmoja wa saiba akamshauri abonyeze F11 airudishe katika hali ya kiwandani. Kwa bahati kitufe hicho hakikuitika. Siku ya nne akapanda matatu akaniletea.

"Fundi," akasema akiiweka mezani, "maadamu nembo inaonekana, naona haijafa."

"Haijafa, Mwalimu," nikamjibu, "lakini kila ulipoiwasha uliipunguzia siku."

Maneno yake yalikuwa na haki. Mtu abonyezapo kitufe cha kuwashia, umeme husambaa kwanza katika bodi, yaani ile sahani iliyopangwa vijiwe na nyuzi za shaba, kisha ubongo wa mashine huamka na kusoma programu fupi iliyohifadhiwa katika kijiwe chake cha peke yake, ambayo mafundi huiita BIOS. Kazi yake yafanana na kazi ya nyapara aitaye majina ya wachumaji alfajiri kabla hawajaingia shambani. Huita kumbukumbu, ikaitika. Huita kioo, kikaitika, na hapo hutundika nembo. Kisha huita kibodi, na diski, na matundu ya USB, na wote wakiisha kuitika huikabidhi Windows usukani. Basi nembo ikionekana, ni dhahiri kwamba umeme umefika mahali pake, ubongo uko hai, kumbukumbu iko hai, na kioo kiko hai. Na vitu hivyo ndivyo vyenye gharama kubwa katika laptopu. Aliyekataa kuitika yumo katika wale wa mwisho.

Na hapa pana alama moja ndogo ambayo watu wengi hawaitazami. Kama chini ya nembo pana vidoto vinavyozunguka mfano wa tasbihi, maana yake BIOS imekwisha kazi yake na Windows imeanza kusomwa, na kasoro ina uwezekano mkubwa wa kuwa katika diski, au katika njia iendayo kwenye diski, au katika faili zilizokatika kwa kuzima ghafla. Kama nembo i peke yake, bila vidoto, basi nyapara angali anaita majina, na kuna mmoja asiyejibu, au anayejibu bila kunyamaza. Na huyo, baada ya kumwagikiwa na chai, aghalabu ni kibodi, kwa kuwa kimiminika kimeunganisha nyuzi zake mbili na BIOS inaona kitufe kimeshikiliwa chini daima, ikadhani kwamba mwenye mashine anataka jambo fulani. Aliyekwisha kuiwasha laptopu yake akaiona nembo na aitazame alama hiyo, aipige picha kwa simu, kisha aizime. Asiiwashe kwa makusudi ya kutazama tu.

Yanipasa kueleza kwa nini nasisitiza hivyo. Maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi yoyote, hayapitishi umeme ila kidogo mno. Chai ya maziwa hupitisha, kwa chumvi na asidi zilizomo. Katika bodi kuna uzi ulio na volti 19 zinazotoka kwenye chaja, na kando yake, kwa umbali usiofika hata milimita moja, kuna mwingine wenye volti 3 au 1. Chai ikilala juu ya nyuzi hizo mbili na umeme ukiwamo, shaba ya upande wenye nguvu huanza kuyeyuka chembe kwa chembe, ikahamia upande wa pili, ikaota huko mfano wa uzi wa buibui, hata uzi ule ukafika ulikotoka na kufanya shoti. Jambo hili halihitaji siku nyingi. Dakika chache zinatosha kulianzisha. Aidha, wengi hudhani kwamba laptopu iliyozimwa haina umeme, ilhali betri yake, ambayo siku hizi imefungiwa ndani, huendelea usiku na mchana kulisha sehemu kadhaa za bodi, ikiwamo ile inayongoja kitufe cha kuwashia kibonyezwe. Ndiyo kusema kwamba laptopu ya Mwalimu, hata ilipokuwa imelala ndani ya mchele, ilikuwa ikiliwa.

Basi kikombe kinapopinduka, taulo ingoje. Zima kwanza swichi ya soketi ukutani, ndipo uchomoe chaja. Na kama chai imefika kwenye soketi au kwenye waya wa kurefushia, usiguse chochote hapo ila ukazime swichi kuu ya nyumba. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia, usikiachie, mpaka kioo kiwe giza, jambo ambalo huchukua sekunde 10 hivi na pengine zaidi. Usikae kuhifadhi faili wala kufunga madirisha kwa taratibu ya kawaida, maana hasara ya aya mbili ulizoandika ni ndogo kuliko hasara inayokujia. Chomoa flashi, na maus, na chochote kilichoning'inia. Na kama laptopu yako ni ya zamani, yenye betri ya kuchomoa kwa nje, ichomoe. Baada ya hapo fungua kifuniko kadiri kinavyoweza kufunguka, uipindue laptopu yote juu ya taulo kavu, kibodi ikitazama chini na kioo kikining'inia ukingoni mwa meza, au uisimamishe kama paa la nyumba, ili kimiminika kirudi kwa njia ile ile kiliyojia. Usiitikise. Atikisaye humwondolea fundi tone moja na kumpelekea mengine kumi mahali ambapo chai haikuwa imefika. Iache hivyo saa nzima au zaidi, ukibadilisha taulo inapolowa.

Wakati huo igusegusa kwa nje upande wa chini. Betri ikiwa na joto lisilo la kawaida, au kifuniko kimeanza kubenuka, au unasikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiilaze ndani ya nyumba. Itoe nje, uiweke juu ya saruji mbali na chochote kiwezacho kushika moto, nawe usiirudie mpaka fundi aje. Hali hiyo si ya kawaida baada ya kumwagikiwa na chai, lakini ikitokea haina mzaha.

Pasipo dalili hizo, jambo kubwa linalofuata ni kuikata betri kutoka kwenye bodi, siku ile ile ikiwezekana. Mwenye fundi karibu ampelekee. Aliye mbali, mathalani ndani kabisa ya Konoin usiku wa mvua, naye ana bisibisi ndogo na mkono mtulivu, aweza kufungua skrubu za chini, akainua kifuniko kwa kadi ngumu ya plastiki, akatafuta kifungo kinachounganisha nyaya za betri na bodi, akakisukuma nje kwa kucha au kijiti, akikishika chenyewe na si nyaya zake. Asitumie kisu wala chuma chochote karibu na betri. Akiisha kukichomoa, asiendelee na mengine. Amekwisha kufanya lililo bora kuliko yote.

Nakuja sasa kwenye mchele. Nimeshangaa kila mara kwamba dawa hii imepata wafuasi katika nchi inayojua kunyausha majani. Jani bichi lifikapo kiwandani, robo tatu au zaidi ya uzito wake ni maji; hutandazwa katika mabirika marefu yenye sakafu ya wavu, na feni kubwa husukuma hewa kutoka chini ipenye kati ya majani kwa saa 12 hadi 18 hivi, na msimu wa mvua hewa hiyo hupashwa moto kidogo, kwa sababu hewa ya nje imekwisha kushiba unyevu wake yenyewe na haiwezi kubeba zaidi. Kinachoondoa maji ni hewa ipitayo. Mchele uliolala nje ya laptopu iliyofungwa hauvuti maji yaliyo chini ya kijiwe cha ndani. Kilichobaki ni vumbi la wanga na punje, nami katika laptopu ya Mwalimu nilitoa punje tatu, mbili kati yake zikiwa zimekwama kwenye matundu ya feni. Mwenye kutaka kukausha na akaushe kwa upepo wa feni ya kawaida, kifuniko cha chini kikiwa wazi na betri ikiwa imekatwa. Mashine ya kukaushia nywele, jiko la makaa, na jua la kwenye dashibodi ya gari, vyote hivyo viachwe. Joto likikaribia nyuzi 60 betri huanza kuharibika, vitufe hupinda, na upepo wa nguvu huisukuma chai ndani zaidi.

Ila kunyausha kwenyewe kuna mpaka wake, na mchuma chai ataufahamu upesi kuliko mtu wa mjini. Jani lililonyauka limepoteza maji, lakini rangi yake, ladha yake na ukali wake vyote vimo, tena vimekuwa vizito zaidi. Hayo ndiyo makusudio. Hali kadhalika chai iliyokauka juu ya bodi imepoteza maji tu. Sukari imo, mafuta na jibini la maziwa yamo, na ule uchungu wa majani umo, vyote vimegandamana kuwa utando wa kahawia. Na sukari ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000 na aghalabu hushuka alasiri, utando ule hukauka adhuhuri na kulowa tena magharibi. Nimeona laptopu zinazowaka vizuri saa 7 mchana na kukwama kwenye nembo saa 2 usiku, wenyewe wakisema zina pepo. Anayeiona dalili hiyo na ajue kwamba chai bado imo. Mimi nilizaliwa pwani, ambako kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo visivyo na sukari wala maziwa, na nakiri kwamba kwa upande wa laptopu desturi ile ina heri yake, ijapokuwa chumvi ya hewa ya bahari hulipiza kisasi kwa njia nyingine.

Kwa hiyo dawa ni kusafisha, na katika kusafisha wako mafundi wanaokosea. Wengi hushika mara moja spiriti ya aisopropili, ile kali ya asilimia 99, wakasugua. Spiriti hiyo ni nzuri, hukauka upesi na haiachi alama. Lakini sukari haiyeyuki ndani yake ila kidogo sana, na maziwa yakikutana nayo hugandamana kama ute wa yai sufuriani. Utando wa chai ya maziwa lazima utolewe kwanza kwa maji yaliyotoneshwa, betri ikiwa imekwisha kuondolewa kabisa, kwa mswaki laini, polepole, mara mbili au tatu, na penye mafuta mengi kwa tone la sabuni isiyo na rangi lisuuzwalo mara moja. Ndipo spiriti ifuate, iyafukuze maji yale kutoka chini ya vijiwe, na feni imalizie kazi kwa saa 24. Maji hayo huuzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri za magari, na hapa nauomba uangalifu wa msomaji, kwa kuwa kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri, na watu huviita vyote viwili maji ya betri. Soma kibandiko. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa, na ile jeli ya kutakasia mikono, hazifai. Zina maji na vikorombwezo vingine vinavyobaki juu ya bodi.

Kuna makosa mengine ambayo hayahusu mchele wala moto, nayo hufanywa na watu wenye maarifa. Mtu huona laptopu imekwama kwenye nembo, akakumbuka kwamba mwaka jana ya ndugu yake ilikwama vivyo hivyo baada ya kusasisha Windows, na ikapona kwa kuwekewa Windows upya. Naye akaazimia kufanya hivyo. Lakini ile ilikwama kwa kasoro ya faili, na hii imekwama kwa chai. Ukifuta diski utapoteza kazi yako na nembo itabaki pale pale. Wengine huingiza BIOS mpya, jambo la hatari kuliko yote, maana umeme ukiyumba katikati ya kazi hiyo laptopu iliyokuwa ikionyesha nembo haitaonyesha hata hiyo. Na hata asiyeamuru chochote yumo hatarini: kibodi yenye chai hujibonyeza yenyewe, na ikiwa Enter ndicho kitufe kilichoshikana, kama ilivyokuwa kwa Mwalimu, basi ukifika kwenye ukurasa unaouliza iwapo laptopu ifutwe, jibu laweza kutolewa kabla hujamaliza kusoma swali.

Nilipoifungua laptopu ile, skrubu 9 za chini, jambo la kwanza lilikuwa kukata betri, kisha kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 ili umeme uliosalia umalizike. Chini ya kibodi, upande wa kulia, palikuwa na mstari wa kahawia uliotoka kwenye Enter ukashuka hadi kwenye mdomo wa utepe wa kibodi, yaani ile karatasi nyembamba ya plastiki inayopeleka habari za vitufe kwenye bodi. Meno mawili ya mdomo ule yalikuwa yamegeuka kijani. Kwingineko bodi ilikuwa na matone manne au matano yaliyokauka, hakuna lililofika karibu na ubongo.

Kabla ya kugusa chochote kingine nilichomoa diski, ambayo siku hizi ni kijibao chembamba kisichozidi urefu wa kidole, nikaitia katika kifuko chake cha USB na kuichomeka kwenye kompyuta yangu. Ikaomba ufunguo wa tarakimu 48. Mwalimu aligwaya, akadhani diski imeharibika, lakini ilikuwa nzima. Ni kwamba laptopu nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa kufuli iitwayo BitLocker, nayo diski ikihamishwa kwenye mashine nyingine, na pengine hata BIOS ikibadilishwa, hudai ufunguo huo. Aliyesajili laptopu yake kwa akaunti ya Microsoft aghalabu ataukuta umehifadhiwa huko. Mwalimu alifungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu yake, akaingia kwa akaunti yake, akanisomea tarakimu sita sita, na alama za wanafunzi zikatoka zote. Laiti diski ingekuwa imechomelewa kwenye bodi, kama ilivyo katika baadhi ya laptopu nyembamba, njia hiyo isingekuwapo, na tungelazimika kuifufua bodi kwanza ndipo tuifikie kazi yake.

Nikaisafisha bodi kwa namna niliyoeleza, nikaiacha mbele ya feni hadi kesho yake jioni. Kisha nikaijaribu kwa kupunguza, maana ukiwasha kila kitu kwa pamoja hutajua ni nani asiyeitika. Kitufe cha kuwashia cha laptopu ile, kwa bahati, hakikuwa sehemu ya kibodi, kwa hiyo niliweza kuiwasha kwa chaja peke yake, bila betri, bila diski, na utepe wa kibodi umechomolewa. Nembo ikatokea, ikakaa sekunde chache, ikaondoka. Mahali pake pakaja maneno "No bootable device". Mwalimu aliyasoma kwa huzuni, nami nikayafurahia, kwa kuwa yalikuwa ushahidi kwamba BIOS imekwisha kuita majina yote na sasa inatafuta diski ambayo mimi mwenyewe nimeitoa. Nikazima, nikarudisha diski, nikawasha: vidoto vikazunguka, Windows ikafunguka, na kwa kibodi ya USB nikaandika jina langu bila taabu. Nikazima tena, nikaurudisha utepe wa kibodi ya zamani. Nembo ikatokea, ikasimama, haikuondoka.

Hapo mwenye kosa alikuwa amejulikana. Kibodi ya laptopu ni karatasi mbili au tatu za plastiki zilizogandishwa pamoja, na chai ikiingia kati yake haifikiwi na mswaki wala spiriti. Wako wanaojaribu kuziosha, nami nilijaribu miaka ya nyuma, zikafanya kazi wiki moja zikarudi kuwa zile zile. Ikabadilishwa. Meno mawili ya kijani yalisafishika, shaba yake ilikuwa ingalipo. Lau Mwalimu angeendelea kuiwasha siku nyingine mbili, naamini yangekuwa yamekwisha, na kazi ya kutengeneza mdomo ule kwa hadubini na chuma cha kuchomelea ingekuwa ya bei nyingine na isiyo na hakika.

Si kila laptopu huishia hivyo. Pale chai inapoingia chini ya ubongo wenyewe, au inapokuta mkondo wa chaja umewashwa na kuunguza vijiwe viwili vitatu vya umeme, fundi mkweli atasema mapema kwamba ataokoa diski na ataahidi hilo tu. Na ili aseme kweli, naye aambiwe kweli. Wako wanaoileta laptopu wakisema ilizima yenyewe, wakidhani bei itapungua au dhamana ya kiwanda itakubalika. Hawajui kwamba laptopu nyingi zina ndani yake vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikiguswa na kimiminika, na kwamba dhamana ya kawaida haimlipi aliyemwagikiwa. Mwambie fundi ilikuwa chai, ilikuwa na maziwa au haina, sukari vijiko vingapi, iliingia upande gani, na umeiwasha mara ngapi tangu hapo. Jibu la swali la mwisho ndilo linalomwambia aanze kutazama wapi.

Nilimwomba Mwalimu arudi baada ya mwezi, akarudi baada ya wiki sita, msimu wa mvua ukiwa umeshika. Laptopu ilikuwa ikifanya kazi bila kasoro tangu siku ile. Niliifungua hata hivyo, na karibu na tundu la USB la kulia, chini ya ukingo wa chuma ambao mswaki wangu haukuufikia mara ya kwanza, nikakuta doa la kijani lisilozidi kichwa cha kiberiti. Nikakata betri, nikalisafisha kwa maji, kisha kwa spiriti, nikaiacha mbele ya feni mpaka matatu ya mwisho ya Litein ilipokuwa ikijaza.